Bosi katuma voisnoti ya hasira, mi natakiwa nitoe barua ya Kiingereza ya kuulizia kifungu cha malipo

Kaka shikamoo. Nipo kampuni ya kuuza ufuta nje hapa Dar, barua zote za Kiingereza naandika mimi. Tuna mkataba na mnunuzi wa Rotterdam, kifungu cha 4 kinasema bei ni CIF Rotterdam, Incoterms 2020, sheria inayotumika ni ya Uingereza. Kifungu cha 7.2 kinasema asilimia 80 iliyobaki italipwa ndani ya siku 30 baada ya delivari ya mzigo kwa mnunuzi. Shehena ya kwanza, kontena 5, ilipanda meli tarehe 4 Machi, tukahesabu tarehe 3 Aprili dola 114,000 ziwe zimeingia. Kimya. Nikamuuliza mhasibu wao akajibu delivari bado, meli inatarajiwa tarehe 17 Aprili na ghalani kwao mzigo utafika kama tarehe 24. Bosi kanitumia voisnoti, nimeinakili ilivyo:

"Waandikie hao jamaa, delivari ni mzigo ukishapanda meli, kila mtu kwenye biashara hii anajua. Mwaka jana walilipa vizuri tu. Na ilishakubaliwa kwa simu. Waambie benki inatukaba huku. Waulize sasa wanalipa lini, na wasipolipa ile shehena ya tarehe 25 hatupakii. Wajibu kabla ya saa kumi tarehe 16."

Nimeandika rasimu ya kurasa mbili, nimeanza na shukrani na samahani kwa usumbufu, afu nikauliza delivari kwenye 7.2 ina maana gani na watalipa lini. Bosi kasema laini mno. Mi naona nikiweka maneno yake kama yalivyo tunampoteza mteja. Nifanyeje?

Karani wa Mauzo, Dar

Marahaba mdogo wangu. Kiingereza chako sio tatizo, tatizo ni kwamba ile voisnoti ina barua tatu ndani yake na wewe umejaribu kuzibeba zote kwenye karatasi moja. Kuna barua ya kuuliza kifungu, kuna barua ya kudai hela, na kuna barua ya kutishia kusimamisha shehena. Hiyo ya kwanza ndo unaiandika leo. Ya pili itategemea jibu la ya kwanza. Ya tatu isiandikwe na mtu yeyote hapo ofisini kabla wakili hajausoma mkataba, nitakwambia kwa nini.

Tuanze na kifungu chenyewe maana ukikielewa vizuri barua inajiandika. Bosi wako hajakosea kuhusu CIF. Ukifungua Incoterms 2020, kile kitabu cha masharti cha Chama cha Biashara cha Kimataifa cha Paris kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, kwenye CIF muuzaji anahesabiwa amekabidhi mzigo pale unapopakiwa melini kwenye bandari ya kuondokea, na hatari ya mzigo kupotea au kuharibika inahamia kwa mnunuzi hapohapo, ingawa muuzaji bado analipa nauli ya meli na bima mpaka bandari ya kufikia. Watu wengi hapa ndo wanapochanganya, wanaona "Rotterdam" imeandikwa kwenye bei wanadhani makabidhiano yanafanyika Rotterdam. Hapana, yanafanyika Dar, na ushahidi wake ni tarehe ya kupakia iliyo kwenye bieli, yaani hati ya shehena.

Lakini sasa sikiliza na upande wa pili, na umsomee bosi hapa taratibu. Incoterms haisemi hata neno moja kuhusu bei inalipwa lini. Hilo imeliacha kwa wenye mkataba. Na mkataba wenu kwenye 7.2 haukusema "delivari" ukaishia hapo, umesema delivari ya mzigo "kwa mnunuzi". Mtu wa Rotterdam anasoma maneno hayo mawili na kuona yeye hajapokea kitu, kontena zipo baharini, anakabidhiwaje kitu ambacho hajakishika. Usomaji wake sio wa kijanja wala wa kihuni. Mi nikiwa hakimu ningeanza na ninyi kwa sababu kifungu cha 4 kimetaja CIF na neno ni lilelile, lakini nisingemcheka yeye. Na pia nenda kaangalie kama mkataba una kifungu cha ukaguzi wa ubora baada ya mzigo kufika, kama kipo basi ataegemea hapo pia, atasema siku 30 zimewekwa ili akague kwanza afu alipe.

Kwa hiyo kwa shehena hii moja kuna tarehe tatu. Ukihesabu kutoka bieli ya tarehe 4 Machi unapata tarehe 3 Aprili. Ukihesabu kutoka meli kufika bandarini tarehe 17 Aprili unapata tarehe 17 Mei. Ukihesabu kutoka ghalani kwao tarehe 24 Aprili unapata tarehe 24 Mei. Kati ya usomaji wenu na ule wa mbali kabisa kuna siku 51 za hela yenu kukaa kwa mtu mwingine, na itajirudia kwa kila shehena mpaka mkataba uishe, tena meli ikichelewa njiani ninyi ndo mnaongezewa siku. Mwisho wa 2023 meli nyingi ziliacha njia ya Bahari Nyekundu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kwenda Ulaya, sasa fikiria tarehe yenu ya kulipwa inategemea nahodha kapita wapi. Hizi tarehe tatu ndo moyo wa barua yako, nitarudi hapo.

Sasa rasimu yako. Kosa kubwa sio samahani wala shukrani, ni lile swali: delivari kwenye 7.2 ina maana gani? Ukimuuliza mtu hivyo umempa kalamu na karatasi tupu, yeye atakaa na wanasheria wake akuandikie maana inayomfaa, na kwenye faili itaonekana wewe ndo uliyeomba akufundishe mkataba uliosaini mwenyewe. Baadaye ukija kusema sisi siku zote tulijua maana yake ni kupakia, atakuonyesha barua yako. Barua ya kuomba ufafanuzi inatakiwa iseme kwanza sisi tunasoma hivi na sababu ni hii, afu iulize: mnathibitisha, au mnasoma tofauti, na kama tofauti kwa maneno gani ya mkataba. Swali la namna hiyo halijibiki kwa hadithi.

Na kuna neno jingine kwenye rasimu nyingi za aina hii, sijui kama kwako lipo, la kusema kifungu "hakieleweki" au "kina utata". Liondoe. Siku mkifika kwa msuluhishi mnaweza kutaka kusema kifungu kipo wazi kabisa kikisomwa pamoja na cha 4, na hapo barua yenu wenyewe itakuwa imeshakiri kwamba hakipo wazi. Pia kwenye sheria ya Uingereza kuna kanuni ya zamani kwamba penye utata wa kweli maneno yanaweza kusomwa dhidi ya upande ulioyaandika, siku hizi mahakama zao haziitegemei sana kwenye mikataba ya wafanyabiashara wa nguvu sawa lakini ipo, kwa hiyo muulize bosi nani aliandika mkataba huu. Kama rasimu ilitoka kwenu ndo kabisa usijitangazie utata. Andika tu kwamba mmeona pande mbili zinakisoma tofauti, hilo ni kweli na halimkiri mtu.

Tuchambue voisnoti sentensi kwa sentensi, hii ndo kazi yenyewe ya mwandishi anayeandikia bosi.

"Delivari ni mzigo ukishapanda meli" inaingia, ndo msimamo wenu, lakini "kila mtu anajua" inabaki nje na mahali pake unaweka kifungu cha 4 na Incoterms. Bosi atapenda zaidi hivyo akiiona, maana hasira yake imegeuka kuwa hoja.

"Mwaka jana walilipa vizuri tu" usiiguse mpaka ufungue taarifa za benki. Vizuri maana yake nini, walilipa siku ya ngapi, ikihesabiwa kutoka wapi? Chukua kila bieli ya mwaka jana uiweke pembeni ya tarehe hela ilipoingia. Ukikuta shehena zote zililipwa ndani ya siku 30 za bieli wakati meli zilikuwa bado baharini, una kitu kizuri sana, na kwa kuwa ule ulikuwa mkataba wa kabla ya huu, inaweza kusaidia kuonyesha mlivyozoea kufanya biashara mlipokuwa mnasaini huu mpya. Ila angalia, kama kifungu cha mwaka jana kilikuwa na maneno mengine hoja inapungua nguvu. Na kwa sheria ya Uingereza mwenendo wa baada ya kusaini kwa kawaida hautumiki kutafsiri mkataba huohuo, mahakama yao ya juu ilishasema hivyo miaka ya 1970, kwa hiyo usijenge barua juu ya mambo yaliyotokea mwaka huu. Na ukikuta mwaka jana walilipa mara siku ya 25 mara siku ya 60, iache kabisa, utakuwa umewapelekea ushahidi wao.

"Ilishakubaliwa kwa simu" hapo lazima urudi kwa bosi. Ilikubaliwa na nani, siku gani, nani alikuwa upande wa pili, na ni kabla au baada ya kusaini? Kiswahili chetu kinaturuhusu kusema jambo limekubaliwa bila kumtaja aliyekubali na tukaelewana, ila kwenye barua ya mkataba sentensi isiyo na mtendaji haina thamani na inakera. Bosi asipokuwa na jina na tarehe, achana nayo. Hata akiwa navyo, mazungumzo ya kabla ya kusaini kwa kawaida hayakubaliki kutafsiri mkataba kwa sheria ya Uingereza, na ya baada ya kusaini yanagongana na kile kifungu cha mwisho mwisho kinachosema mkataba unabadilishwa kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote tu. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema wazi kwamba vifungu vya namna hiyo vinaheshimiwa. Kwa hiyo simu haikubebi.

"Benki inatukaba" hapana. Namuonea huruma bosi, kununua ufuta kwa mkopo na hela ipo baharini sio mchezo, lakini kumwambia mnunuzi ni kumwonyesha kwamba akichelewesha kidogo mtapokea chochote, na haina uhusiano wowote na maana ya kifungu.

"Wanalipa lini" inakwenda kwenye barua ya madai. Ukiichanganya hapa utapata jibu la madai peke yake, watakwambia tutalipa baada ya mzigo kufika, asante, afu swali la kifungu limepotea na shehena ya pili mnaanza upya.

"Hatupakii" ndo ya hatari. Kama mkataba haukuwapa haki ya kusimamisha shehena kwa sababu malipo yamechelewa, na kama usomaji wao wa 7.2 ndo ukaonekana sahihi, basi hawajachelewa hata siku moja, na ninyi mtakuwa mmeandika kwa mkono wenu kwamba hamtatimiza mkataba. Mtu akipata barua ya hivyo anaweza kuichukulia kama mmeuvunja, akanunua ufuta kwingine kwa bei ya juu na kuwadai tofauti. Bosi akitaka njia hiyo aende kwa wakili kwanza, sio kwako.

Sasa kitu ambacho watu wengi wanaruka. Usianze na Kiingereza. Andika barua yote kwa Kiswahili, kavu, umpelekee bosi aisome mstari kwa mstari na aweke sahihi pembeni, afu ndo uigeuze. La sivyo bosi anapewa barua ya Kiingereza ambayo ameielewa nusu, anaipitisha kwa sababu inaonekana nzuri, na wiki mbili baadaye anakuuliza nani alikwambia useme hivi. Hii hapa, badilisha panapohitajika:

"Mkataba wa tarehe fulani: kifungu cha 7.2, kuanza kwa siku 30 za malipo.

Tunaandika kuhusu kifungu cha 7.2 cha Mkataba, kinachosema: [hapa nukuu kifungu chote kama kilivyo].

Katika mawasiliano kati ya idara zetu za uhasibu tumeona kwamba pande mbili zinasoma tofauti siku ambayo hesabu ya siku 30 inaanza.

Sisi tunasoma kwamba inaanza siku mzigo unapopakiwa melini katika bandari ya Dar es Salaam, kama inavyoonekana kwenye hati ya shehena. Kifungu cha 4 kinasema mauzo ni CIF Rotterdam, Incoterms 2020, na chini ya CIF muuzaji anakabidhi mzigo kwa kuupakia melini katika bandari ya kuondokea. Hatuoni kitu katika Mkataba kinacholipatia neno delivari maana nyingine katika kifungu cha 7.2.

Kwa mfano, kwa shehena ya kwanza, ambayo hati yake ni ya tarehe 4 Machi, malipo kwa usomaji wetu yalitakiwa tarehe 3 Aprili. Kama hesabu ingeanza meli ikifika Rotterdam tarehe 17 Aprili, malipo yangekuwa tarehe 17 Mei, na kama ingeanza mzigo ukifika ghalani tarehe 24 Aprili, yangekuwa tarehe 24 Mei.

Tafadhali thibitisheni kwa maandishi kwamba mnakubaliana na usomaji wetu. Kama hamkubaliani, tafadhali mtueleze ni siku gani kati ya hizo, au siku nyingine ipi, mnayoona ndiyo mwanzo wa hesabu, na ni maneno gani ya Mkataba mnayoyategemea.

Tutaandaa nyaraka za shehena ya pili, itakayopakiwa tarehe 25 Aprili, kwa hiyo tutashukuru kupata jibu kabla ya saa 10 jioni, saa za Dar es Salaam, tarehe 16 Aprili. Tukishakubaliana tunapendekeza tuweke jambo hili kwenye nyongeza fupi ya Mkataba itakayosainiwa na pande zote mbili.

Barua hii haiondoi wala kupunguza haki yoyote tuliyo nayo chini ya Mkataba, ikiwemo kuhusu shehena ya kwanza."

Ukurasa mmoja, na haina dola hata moja ndani. Makusudi. Kiasi kingeifanya ionekane ni ya madai. Ona pia ule mfano wa tarehe tatu unavyofanya kazi, mtu wa Rotterdam hawezi kujibu kwa maneno mazuri ya jumla jumla, inabidi achague tarehe. Na hatukuwasema vibaya, tumeweka usomaji wao kwenye karatasi kwa haki kabisa, kitu ambacho kinafanya meneja wa upande ule aipeleke barua kwa mtu anayejua mkataba badala ya kuirusha kwa mhasibu ajitetee.

Kwenye kuigeuza kuwa Kiingereza nina mambo machache tu. Kifungu nukuu kutoka kwenye mkataba uliosainiwa, sio kutoka kwenye rasimu iliyobaki kwenye kompyuta yako, na uache kila koma mahali pake. Kanada kulikuwa na kesi ya kampuni mbili, Rogers na Aliant, mkataba wa kutundika nyaya kwenye nguzo, mwaka 2006 mdhibiti wa mawasiliano aliamua kwa kuangalia koma moja kwamba mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja hata ndani ya miaka mitano ya kwanza, hela zilizokuwa zinagombaniwa zilikuwa kama dola milioni moja za kwao. Mwaka uliofuata uamuzi ukageuzwa baada ya kusoma toleo la Kifaransa la mkataba huo, ambalo halikuwa na mkanganyiko ule. Na hapo nikuulize, je ninyi mna toleo la Kiswahili lililosainiwa, lile ambalo bosi alisomea? Kama lipo, angalia kifungu cha lugha kinasema lipi linatawala kabla hujatuma chochote.

Jambo la pili, neno likishaanza usilibadilishe. Sisi shuleni tulifundishwa kurudia neno ni uandishi mbaya, kwa hiyo mtu anaandika mzigo kwa neno moja aya ya kwanza, aya ya pili kaweka jingine, ya tatu jingine tena ili barua ipendeze. Kwenye mkataba maneno tofauti yanasomwa kama vitu tofauti. Mkataba ukimwita mnunuzi kwa neno fulani lenye herufi kubwa, tumia hilohilo mpaka mwisho hata kama linachosha. Na ile saa kumi ya bosi ni saa 16:00, iandike kwa tarakimu hivyo na utaje ni saa za Dar, na miezi iandike kwa herufi maana 4/3 kuna watu wanaisoma tarehe 3 Aprili, ambayo kwa bahati mbaya ndo tarehe yenyewe mnayogombania.

Upole: shukrani moja ya mstari mmoja mwishoni inatosha kama mmezoeana. Samahani kwa usumbufu iondoe, hamjasumbua mtu, na msomaji wa Ulaya anaweza kuona kama mnaomba fadhila. Ila tafadhali mbili zile ziache, bosi akisema laini mwambie ukali upo kwenye lile ombi la kutaja maneno ya mkataba, hapo hawana pa kujificha.

Kutuma nako kuna mtego. Tafuta kifungu cha notisi, mikataba mingi inasema notisi inapelekwa anwani fulani, kwa mtu mwenye cheo fulani, na mingine haikubali imeili peke yake. Tuma kwa njia hiyo, na nakala kwa imeili kwa watu mnaofanya nao kazi kila siku. Usimjibie mhasibu kwenye ule uzi wa imeili, yeye hana mamlaka ya kukubali maana ya kifungu na jibu lake litakuwa maoni ya mhasibu. Halafu usibandike juu ya barua yale maneno ya kisheria ya "bila kuathiri haki" ambayo watu wanapenda kuyaweka kila mahali kama muhuri. Kwa Waingereza maneno hayo ni ya mazungumzo ya kumaliza mgogoro, na barua ya namna hiyo kwa kawaida haionyeshwi mbele ya hakimu. Hii yako unataka ionyeshwe. Ndo maana haki tumezilinda kwa ile sentensi ya mwisho badala ya ule muhuri.

Bosi anaweza kukwambia uongeze "msipojibu tutahesabu mmekubali". Mkatalie kwa heshima. Kwa sheria ya Uingereza ukimya wa mtu kwa kawaida sio kukubali, kuna kesi ya mwaka 1862 ya mtu aliyemwandikia mpwa wake kwamba asiposikia kitu atahesabu farasi ni wake, akashindwa. Tarehe 16 ikipita kimya, tuma barua ya pili fupi inayosema mliandika tarehe fulani, hamjajibiwa, na usomaji wenu unabaki uleule. Na kuanzia shehena ya pili ankara zenu ziandikwe tarehe kamili ya mwisho ya kulipa, iliyohesabiwa kutoka kwenye bieli, sio "siku 30".

Na wakijibu kwa imeili kwamba wamekubali, usiishie hapo ukafunga faili. Jibu la "tumeona, asante" sio kukubali, rudi uwaombe neno la kuthibitisha. Na hata wakithibitisha waziwazi, kama mkataba unadai mabadiliko yasainiwe na pande zote, wapelekee nyongeza ya mistari mitatu inayosema kwamba katika kifungu cha 7.2 siku 30 zinahesabiwa kutoka tarehe ya kupakiwa iliyo kwenye hati ya shehena, na kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo wa Mkataba. Maneno hayo ya mwisho usiyasahau, bila hayo watasema mmekubaliana kwa shehena zijazo na ile ya tarehe 4 Machi inabaki na mgogoro wake. Wakigoma hapo tu, na wakakubali mengine yote, bosi ndo aamue kama dola 114,000 kusubiri mpaka Mei ni bei anayoweza kuilipa ili shehena zinazofuata ziwe na tarehe isiyobishaniwa.